Maharagwe yanayogoma kuiva: chunguza kwanza ni ugumu gani

Maharagwe yasipoiva, wapishi wengi hulaumu moto au chumvi. Mara nyingi kosa limo ndani ya punje zenyewe, na ni la aina mbili zisizotibiwa kwa njia moja. Kwa hiyo kabla ya kumaliza makaa yote kwenye sigiri, jua unapambana na lipi.

Tuchukue nusu kilo ya nambale, yale mekundu yenye madoa ya krimu yanayojaa masoko ya Kampala. Chagua mawe, osha, kisha loweka jioni katika lita 2 za maji. Asubuhi yapime: maharagwe mazima hukaribia kilo moja, kwa sababu hunywa maji takriban sawa na uzito wake. Huna mizani? Tia mkono. Punje iliyokunywa imejaa na ganda lake ni laini. Isiyokunywa imebaki ndogo, inang'aa, na ukiitupa kwenye sahani inalia kama kokoto.

Hizo zinazolia zina ganda lililofunga. Hutokea sana maharagwe yakikaushwa kupita kiasi, na dawa yake ni rahisi: zichemshe dakika 2, epua, funika, ziache saa moja katika maji hayo ya moto. Ganda hulegea, maji hupita, na baada ya hapo huiva kama wenzake.

Shida kubwa ni zile zilizovimba vizuri, zikachemka saa tatu, na bado ukizitafuna zina chengachenga. Hapa maji yameingia ila chembe za ndani hazitaki kuachana. Kinachozishikanisha ni pektini, na kwa kawaida joto huiyeyusha. Lakini maharagwe yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu hubadilika: fitati, kemikali ya asili ya punje iliyokuwa imeshika kalsiamu na magnesiamu, huvunjika, madini hayo yanakwenda kwenye pektini na kuifunga. Gunia lililosimama chini ya bati bila hewa, msimu mzima wa mvua, ndilo hutoa maharagwe ya namna hii. Kwenye nambale utayatambua hata kabla ya kununua: ile krimu imegeuka kahawia. Mchuuzi akichanganya ya zamani na mapya utapata sufuria ambamo nusu imerojeka na nusu inagoma, na hapo hakuna ufundi wa kuyasawazisha.

Kwa maharagwe hayo mazee, loweka katika maji ya chumvi. Weka vijiko 2 vya mezani vya chumvi, visijazwe mlima, katika zile lita 2, kwa saa 8 hadi 12. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kiasi fulani cha kalsiamu, na pektini inalegea. Najua wengi wameambiwa chumvi hufanya maharagwe yawe magumu. Katika kulowekea, hali ni kinyume kabisa. Usipitishe saa 12 mahali penye joto, maana yataanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya.

Maji nayo yatazame. Ya kisima cha pampu ambayo sabuni haitoi povu ndani yake yana kalsiamu yake, na yanaongeza ugumu uleule. Afadhali ya mvua. Magadi husaidia, ila robo kijiko cha chai kwa sufuria hii inatosha. Ukizidisha, mchuzi unateleza, unakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inaharibika.

Anza na mchemko mkali wa dakika 10 kamili, kwa sababu maharagwe mekundu yakiwa hayajaiva yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na moto wa chini usiofikia mchemko hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto, funika. Nyanya, ndimu na ukwaju ngojea: uchachu huzuia pektini kuyeyuka, na maharagwe yaliyotiwa nyanya mapema yanaweza kukaa motoni hadi jioni. Kitunguu na mafuta havina neno.

Kabale, mji wa milimani Uganda ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 96 za Kampala. Tofauti inaonekana ndogo lakini saa zinaongezeka, ndiyo maana huko sufuria ya presha inastahili gharama yake.

Kupima uivaji, toa punje tano kutoka pembe tofauti za sufuria, si moja, uzibonyeze kwa kidole gumba. Zote tano zikipondeka laini bila kiini cheupe katikati, sasa tia nyanya. Ikiwa moja imekataa, ongeza maji ya moto na urudie baada ya dakika 20.