Kwa nini majibu ya duka letu ni mafupi na hayana mapambo

Jana tena mteja ametuandikia: "Mbona mnanijibu kama mnanifukuza?" Alikuwa ameulizia king'amuzi, akapata mistari michache isiyo na herufi nzito, orodha wala emoji. Mimi ndiye ninayesimamia wahudumu wanaojibu jumbe za duka, na lawama hii inaniuma, kwa sababu mhudumu aliyeandika mistari ile aliipunguza makusudi ili imfikie mteja ikiwa nzima. Si dharau hata kidogo.

Mhudumu anaandika sehemu moja, lakini jibu linaweza kutokea kwenye tovuti yetu, kwenye WhatsApp, au likaja kama SMS ya kawaida kwenye kitochi iwapo umeshafunga tovuti. Anapobonyeza kutuma, hajui litatua wapi. Kwa hiyo anaandika kwa namna itakayosomeka kote.

Mapambo ndiyo yaliyotutesa zaidi. WhatsApp inakoza neno likiwekwa kati ya nyota moja moja. Dirisha letu la tovuti lilikuwa linataka nyota mbili mbili kukoza, na nyota moja moja linalaza herufi. SMS haijui lolote kati ya hayo, inakuonyesha nyota zenyewe. Mtu ataniambia nyota mbili tatu hazimdhuru mtu. Basi tazama tulichokuwa tunaandika:

```
Lipa kwa *150*00#
```

Tovuti ilizihesabu zile nyota mbili kuwa ni amri ya kulaza herufi. Ikazimeza, na mteja akaona hivi:

```
Lipa kwa 15000#
```

Anapiga, haipiti. Anapiga tena, haipiti. Anatuona matapeli, na mhudumu kwenye skrini yake anaona nyota zote zipo mahali pake, hivyo anamjibu kwamba namba ni sahihi. Ukitanguliza mkwaju wa nyuma mbele ya kila nyota, tovuti inapona, lakini mwenye SMS anapokea `\*150\*00#` na hajui apige nini. Hapo ndipo tulipozima mapambo yote. Jibu lisilo na madoido linafika na nyota zake, reli yake na bei yake.

Sasa ufupi. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Kwa herufi za kawaida zinaingia 160. Ikiingia alama moja tu iliyo nje ya orodha ile ya kawaida, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Emoji inafanya hivyo. Lakini alama inayonikera mimi ni ile ndogo ya juu kwenye ng'. Ikiwa imesimama wima, haina tatizo. Simu nyingi na programu za kuandikia zinaipinda zenyewe bila kukuuliza, na iliyopinda haimo kwenye orodha. Duka linalouza ving'amuzi haliwezi kuikwepa alama hiyo!

Chukua jibu hili:

```
King'amuzi kipo, Tsh 45,000. Lipa kwa *150*00#, tuma namba ya muamala hapa. Ukilipa kabla ya saa 8 mchana kinatoka leo, la sivyo kesho asubuhi.
```

Ni herufi 143, SMS moja. Pinda ile alama moja, inakuwa SMS tatu, kwa sababu ujumbe ukikatwa, kila kipande kinabaki na nafasi ya herufi 67 tu. Nyingine zinaliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Cha tatu kinabeba neno "asubuhi" peke yake. Tunalipia vyote vitatu, na kikichelewa hicho, mteja anasoma "la sivyo kesho" akidhani maneno yameishia hapo.

Kwa hiyo tunaanza na bidhaa ipo au haipo, kisha bei, kisha namna ya kulipa. Sifa za bidhaa tunaziacha mpaka uziulize.

Kuna jambo moja ambalo bado sina uhakika nalo, nalo ni salamu. Tunakusalimu mara moja mwanzoni, halafu tunaingia kwenye shughuli. Kijana haoni tatizo. Mzee aliyetuandikia asubuhi, akarudi jioni na kupokelewa na bei bila hata "za jioni", ana haki ya kukunja uso. Nimewaambia wahudumu warudishe salamu zikipita saa kadhaa, ingawa inakula nafasi. Pia anayetumia WhatsApp siku zote anabanwa na mipaka ya SMS isiyomhusu, na hilo naona si haki kwake.

Ukihitaji maelezo marefu, andika tu "nipigie". Na ukipewa namba ya malipo isiyo na nyota, usiipige. Tutumie picha ya skrini yako kwanza.