Taa kubwa zinazogeuka hazifuati usukani gari likiwa limesimama

Mteja mwingine amekuja gereji akiwa tayari amekata shauri. "Fundi, taa zangu za kona zimekufa. Nimekata usukani mpaka mwisho pale kwa parking, hakuna kitu kinasonga." Kabla ya kunifikia alikuwa ameshauziwa sensa ya usukani mahali pengine, ikafungwa, na bado hakuna kitu kilichosonga. Haingesonga. Gari lilikuwa limesimama!

Imani hii kwamba taa hufuata usukani peke yake ina asili yake. Citroën DS ya 1967 ilikuwa na jozi mbili za taa za mbele, na ile ya upande wa katikati ilivutwa na nyaya kutoka kwenye usukani, kwa hiyo ukikata usukani, taa nazo zinakata. Lakini gari lako halina nyaya hizo. Tangu Toyota ilipoleta mfumo wa kompyuta kwenye Harrier ya 2003, taa huamuliwa na hesabu, na ndani ya hesabu hiyo mna kasi. Kwenye magari mengi, kasi ikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Ile taa ndogo ya pembeni, ambayo kwenye magari mengi ni fogi ya upande mmoja, haigeuki kamwe. Inawaka tu ukitia indiketa au ukikata usukani sana, na kanuni za Umoja wa Mataifa zinaikataza kuwaka ukipita kilomita 40 kwa saa. Hiyo ni ya kuingia getini. Taa kubwa inayogeuka ni ya barabarani, na hiyo ndiyo inayonichosha kuieleza.

Kompyuta haiulizi usukani umekatwa kiasi gani tu. Inauliza gari litakuwa wapi baada ya muda mfupi. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Umekata usukani nyuzi 40. Stelingi ikipunguza mara 16, matairi yamegeuka nyuzi 2.5 tu, na gari linachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 62 hivi. Hiyo ni kona ya kawaida ukiteremka Mai Mahiu. Sasa tuseme mtengenezaji ametaka taa ilenge mahali utakapofika baada ya sekunde moja na nusu. Ukiwa na kasi ya 50, mahali hapo pako mita 21 mbele, na taa inatakiwa igeuke karibu nyuzi 10. Ukiwa na 20, pako mita 8 tu, na nyuzi 4 zinatosha. Usukani ni ule ule, kona ni ile ile, lakini taa imegeuka chini ya nusu. Mteja akiniambia "zinageuka kidogo sana nikienda polepole", namwambia ziko sawa. Na hata hesabu ikidai zaidi, mota nyingi hukomea kama nyuzi 15.

Kuna jambo ambalo brosha hazisemi. Usukani unaeleza ulichokwisha kufanya, hauelezi kona inayokuja. Unapokaribia kona bado usukani umenyooka, na taa inaangaza ukingo wa barabara. Kwenye kona mbili zinazopishana, pale katikati taa bado inatazama kushoto huku macho yako yanahitaji kulia. Binafsi, kwenye kona za aina hiyo, sina hakika kama taa hizi zinashinda taa nzuri pana isiyosonga.

Basi utazipima vipi? Washa injini na taa usiku ukiutazama ukuta. Magari mengi hucheza taa kidogo kisha yakazirudisha, kwa sababu mota hizo hazijui zilipo mpaka ziguse mwisho wa njia yao. Zikicheza, mota ni nzima. Kwenye Toyota, ambako mfumo huu unaitwa AFS, maandishi `AFS OFF` ya kwenye dashibodi yakiwaka bila kupepesa, kuna mtu amebonyeza swichi; yakipepesa, kuna hitilafu, na kabla ya kununua chochote chungulia chini nyuma. Kile kijiti cha sensa ya kimo kwenye sospenshen hukatika kwa matuta na mashimo yetu, na mfumo ukikosa kujua gari limeinama vipi unajifunga wenyewe.

Taa zikitazama pembeni kwenye barabara iliyonyooka, tazama usukani. Ukikaa mshazari nyuzi 5 baada ya alaimenti ya haraka-haraka, kompyuta inaweza kudhani uko kwenye kona ndefu. Kwa kasi ya 80 na hesabu ile ile, hiyo ni karibu nyuzi 2 za taa. Rekebisha alaimenti kwanza, usukani ukae sawa, halafu ndipo skana iweke sifuri mpya ya sensa. Ukianza na skana, umeifundisha kompyuta kwamba mshazari ndio unyoofu, na alaimenti ya mwezi ujao itazipeleka taa upande wa pili.