Waya mrefu zaidi si antena bora zaidi

"Redio ya boti haifiki mbali. Si nirefushe tu waya wa daipoli, ukiwa mrefu ndio unashika zaidi?"

Sivyo. Daipoli ni antena ya mikono miwili ya waya, kebo ya redio ikiungwa katikati. Kwenye ncha za waya mkondo wa umeme hauna pa kwenda, kwa hiyo huwa sifuri. Waya ukiwa nusu ya urefu wa wimbi, mkondo huwa mkubwa kabisa katikati, pale kebo inapoungwa, na redio huusukuma kwa urahisi. Ukiurefusha mara mbili, katikati ndipo mkondo unakaribia kuisha. Nguvu nyingi hurudi kwenye redio badala ya kwenda hewani.

Chukua chaneli 16, inayotumiwa na vyombo vya baharini Mombasa kama kwingineko: megahezi 156.8. Gawa 300 kwa 156.8, upate wimbi la mita 1.91, nusu yake ni sentimita 96. Lakini usikate hapo. Waya halisi una unene na ncha, hivyo hutenda kana kwamba ni mrefu kidogo, na hupunguzwa kama asilimia 5: sentimita 91, yaani 45.5 kila mkono.

Anza na 48 kila upande, kwani kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Pima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio ni nyingi kiasi gani. Ikisoma chini zaidi kwenye masafa yaliyo chini ya 156.8, mikono bado ni mirefu: punguza nusu sentimita pande zote mbili, upime tena, antena ikiwa mahali itakapokaa. Mlingoti wa chuma ulio karibu hubadilisha vipimo vyote.