Saa 48 za Mpishi Kukaa Nje ya Jiko

Katika kanuni za usafi wa chakula kuna sharti moja ambalo wapishi wengi wa Lamu wamelisikia nusu tu: kwamba mpishi anayeharisha au kutapika asipike. Nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito, inasema kwamba hata baada ya kupona anakaa nje ya jiko mpaka zitimie saa 48 tangu mara ya mwisho alipoharisha au kutapika. Saa hizo hazihesabiwi tangu alipoanza kuugua, wala tangu alipojisikia ana nguvu, bali tangu dalili ya mwisho ilipokatika.

Nchi hazikukubaliana zote juu ya idadi ya saa. Marekani, kwa mfano, kanuni yao ya kawaida ni saa 24, na Uingereza ni 48. Mwongozo wa kimataifa wa Codex hautaji saa, lakini unataja dalili ambazo mfanyakazi wa chakula anapaswa kumwarifu msimamizi wake mara tu azionapo: macho au ngozi kugeuka manjano, kuharisha, kutapika, homa, koo linalouma pamoja na homa, kidonda au jipu lenye usaha, na uchafu unaotoka masikioni, machoni au puani. Mimi huchagua saa 48, kwa kuwa katika karamu zetu chakula cha sufuria moja huliwa na mtaa mzima.

Tuchukue karamu ya walima inayoliwa Ijumaa baada ya sala, huko mtaa wa Langoni, Lamu. Kijana mmoja wa kundi la wapishi, ambaye kazi yake ni kukata kachumbari, aliharisha tangu Jumanne, na Alhamisi jioni anakuja kwa mpishi mkuu akisema, "Ami, tumbo limetulia, kesho nitakuwapo." Jawabu jema si kumtazama uso na kuona kama amepauka, bali ni kumwuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho kuharisha ilikuwa siku gani na saa ngapi?" Akijibu kuwa ilikuwa Jumatano saa tatu usiku, hesabu inafanyika papo hapo. Ijumaa saa mbili asubuhi, wakati vitunguu na nyanya vinapokatwa, zitakuwa zimepita saa 35 tu. Saa 48 zitatimia Ijumaa saa tatu usiku, na karamu itakuwa imekwisha.

Kuna swali la pili ambalo husahauliwa sana, nalo ni kama alimeza dawa ya kufunga tumbo. Dawa hiyo huzuia dalili bila kuondoa kijidudu, kwa hiyo kukatika kwa kuharisha hakuthibitishi chochote maadamu dawa ingali mwilini. Ikiwa kijana huyu alimeza kidonge cha mwisho Alhamisi saa nne asubuhi, hesabu inaanzia hapo, na atarudi jikoni Jumamosi saa nne asubuhi kama tumbo halikuharibika tena.

Kwa nini kumsumbua mtu aliyekwisha kupona? Miongoni mwa visababishi vya kuharisha na kutapika vinavyoenea kwa kasi ni virusi viitwavyo norovirusi, na idadi ndogo sana ya virusi hivyo, pengine chini ya mia moja, inatosha kumwangusha mtu. Mgonjwa hutoa mabilioni yake katika choo, na huendelea kuvitoa kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupona, ingawa wingi hupungua. Saa 48 basi hazimaanishi kwamba mpishi amekuwa safi kabisa. Zinamaanisha kwamba kipindi kibaya zaidi kimepita na kwamba si rahisi dalili zimrudie ghafla akiwa mbele ya sufuria. Kazi iliyobaki hufanywa na sabuni. Kachumbari ndiyo inayonitia hofu kuliko pilau, kwa sababu pilau huchemka baada ya kushikwa, ilhali kachumbari hutoka mkononi ikaenda mdomoni, na limau au siki iliyotiwa ndani yake haitoshi kuviua virusi hivi.

Kunawa kwenyewe kuna jambo linalonisikitisha katika karamu zetu. Mgeni akikaa mkekani huletewa birika, akamiminiwa maji, na maji machafu yakaanguka katika bakuli. Huo ndio unawaji sahihi, maana maji yanatiririka na hayarudi mkononi. Lakini nyuma ya nyumba wapishi kumi huchovya mikono katika ndoo moja tangu alfajiri, na yule wa kwanza aliyetoka chooni amekwisha kuwagawia wenzake. Tiba yake ni rahisi: mtungi wenye bomba, au mtu wa kumimina kwa kata, pamoja na sabuni iliyowekwa karibu na choo na nyingine karibu na meza ya kukatia. Mikono husuguliwa kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi, pamoja na vidole gumba, kati ya vidole na chini ya kucha, kisha husuuzwa na kukaushwa kwa kitambaa safi ambacho si kile cha kufutia sahani. Maji ya visima vya mji vilivyoingia chumvi hayatoi povu vizuri kwa sabuni ya mche, kwa hiyo yafaa kutenga maji matamu kwa kunawia au kutumia sabuni ya maji. Jeli ya spiriti isitumiwe badala ya hayo, kwa kuwa norovirusi huihimili kwa kiasi kikubwa.

Si kila ugonjwa hupimwa kwa saa 48. Mwenye macho ya manjano hukaa nje kwa siku saba tangu umanjano uonekane, kwa kuhofia homa ya ini ya aina ya A. Mwenye taifodi hurudi kwa ruhusa ya daktari, baada ya vipimo vya choo kuonyesha kwamba haibebi tena, kwani wachache hubaki wabebaji wasiougua. Mary Mallon, mpishi wa New York, aligunduliwa kuwa mbebaji wa namna hiyo mwaka 1907. Aliachiliwa kwa ahadi ya kutopika, na mwaka 1915 akakutwa anapika hospitalini. Mwenye jeraha safi mkononi anaweza kuendelea akilifunga kwa plasta isiyopitisha maji na kuvaa glavu juu yake, lakini jipu linalotoa usaha lisilofunikika linamwondoa kwenye chakula.

Wapishi wa hoteli watasema wana cheti cha afya, ambacho nchini Kenya hufanywa upya kila miezi sita. Cheti hicho kinaeleza hali ya siku ya kupimwa. Hakijui kilichotokea Jumanne usiku. Anayejua ni mpishi mwenyewe, na kibarua anayelipwa kwa siku ana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa kusema ni kukosa riziki. Ndiyo maana naona mpishi mkuu na mwenye shughuli wapatane mapema, kabla kuni hazijashushwa, kwamba atakayeugua na kusema ukweli atalipwa ujira wake wa siku. Kijana wetu wa kachumbari, ambaye dalili zimekwisha ila saa zake hazijatimia, anaweza kupewa kazi ya kufunga turubai na kutandika mikeka barazani, mbali na vyombo, maji na chakula, na achukue ujira ule ule.