Mshahara wa nje unaofika mkononi: maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kusaini

Malipo halisi ni kile kiasi unachokikuta kwenye akaunti yako mshahara ukishaingia, baada ya benki za njiani kukata chao na fedha ya kigeni kugeuzwa shilingi. Mkataba wa kazi ya nje hautaji kiasi hicho. Unataja kile kinachotoka kwa mwajiri. Kati ya viwili hivi kuna tofauti inayoweza kufika zaidi ya laki moja kila mwezi, na wakala wa ajira haitaji mpaka aulizwe, mara nyingi kwa sababu hata yeye hajawahi kuifuatilia.

Tuchukue mtu wa Moshi anayetafutiwa kazi na wakala wa Uholanzi. Kazi ni kupanga safari za Kilimanjaro na Serengeti kwa kampuni ya utalii ya huko, akifanyia nyumbani kwa kompyuta. Anaahidiwa dola 1,000 kwa mwezi, zitumwe benki kwake. Tuseme siku ya malipo bei ya katikati ya dola, ile iliyo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 2,600. Akipiga hesabu ya haraka anapata 2,600,000, na hiyo ndiyo atakayopangia kodi ya nyumba na ada ya watoto.

Sasa zifuate hizo dola. Zinatoka benki ya mwajiri Amsterdam. Benki hiyo mara nyingi haina akaunti ya moja kwa moja na benki yako ya Moshi, kwa hiyo dola hupitia benki nyingine, kwa kawaida ya Marekani. Hiyo benki ya kupitishia hukata ada yake humohumo ndani ya fedha zinazopita. Tuseme ni dola 20. Benki yako nayo inatoza ada ya kupokea fedha kutoka nje, tuseme dola 10. Zimebaki 970. Kama akaunti yako ni ya shilingi, benki inazigeuza palepale bila kukuuliza, na inazinunua kwa bei yake, si bei ya katikati. Tuseme inanunua dola kwa 2,540. Kinachoingia ni shilingi 2,463,800.

Pengo ni shilingi 136,200. Ada za benki zimekula 78,000 na bei ya kuchenji imekula 58,200. Watu wengi wanalalamikia ada kwa sababu zinaonekana. Hicho cha pili hakiandikwi popote kama makato, kwa hiyo mtu anaweza kukaa mwaka mzima hajui kama kipo.

Ada zina utaratibu wake, na hapa ndipo swali la kwanza kwa wakala linapozaliwa. Kila malipo ya kimataifa hutumwa na alama inayosema nani abebe ada. OUR maana yake mtumaji anabeba zote. SHA maana yake mtumaji analipa benki yake, na ada zilizobaki za njiani zinamwangukia mpokeaji. BEN maana yake mpokeaji anabeba zote, hata za benki ya mtumaji. Katika mfumo mpya wa ujumbe wa malipo kati ya benki, alama hizohizo zinasomeka DEBT, SHAR na CRED. Mwajiri asipochagua, SHA ndiyo ya kawaida. Basi usimuulize wakala "kuna makato?" maana atakujibu kwamba wao hawakati kitu, na atakuwa anasema kweli. Muulize: "Malipo yangu yatatumwa kwa OUR au SHA, na hilo litaandikwa kwenye mkataba?"

OUR ni nzuri ila haizibi kila tundu. Benki ya kupitishia inaweza kukata hata kama alama ni OUR, na benki yako inaweza kutoza ada yake ya kupokea vilevile. Kwa hiyo maneno yanayokulinda zaidi kwenye mkataba ni yanayotaja matokeo: kwamba dola 1,000 kamili zifike kwenye akaunti ya mfanyakazi, na kikipungua kitu njiani mwajiri atakijazia kwenye malipo yanayofuata. Mwajiri wa kweli hababaishwi na sentensi hiyo, maana kwake ni dola chache tu.

Ada hizi huwa hazikui sana na kiasi kinachotumwa. Hapo ndipo idadi ya malipo kwa mwezi inapoanza kuuma. Kampuni nyingine hulipa kila wiki mbili. Yule mtu wetu akitumiwa dola 500 mara mbili, atakatwa 30 kila safari, jumla 60. Zitabaki 940, na kwa bei ileile ya 2,540 atapata 2,387,600, pungufu ya 76,200 kuliko kama angetumiwa mara moja. Mkataba haujabadilika hata nukta. Kwa hiyo uliza ratiba ya malipo, na kama ni wiki mbili, omba walimbikize watume mara moja kwa mwezi.

Swali la bei ya kuchenji ni zito zaidi na linahitaji utulivu. Kwanza ujue mshahara umefungwa kwa fedha gani. Ukifungwa kwa dola, kupanda na kushuka kwa shilingi ni kwako. Ukifungwa kwa shilingi, ni kwa mwajiri. Si jambo dogo. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700, na Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Kwa mtu wa dola 1,000 hiyo ni zaidi ya laki mbili kwa miezi miwili, na ada zote za benki hazifiki hapo. Mwaka mmoja kabla mtu huyohuyo angekuwa anafaidika, kwa sababu shilingi ilikuwa inashuka. Hakuna upande ulio bora siku zote. Kama kodi yako, mkopo wako na ada za shule vyote ni shilingi na huna akiba ya kuziba mwezi mbaya, mshahara wa shilingi unakupa usingizi. Kama unaweza kuacha dola zikae, dola inakupa nafasi ya kuchagua siku ya kuuza.

Mkataba unaopaswa kuukodolea macho ni ule wa katikati, unaosema: "Mshahara ni dola 1,000, utalipwa kwa shilingi kwa kiwango cha siku." Kiwango cha nani, na siku ipi? Benki Kuu ya Tanzania hutoa kila siku ya kazi bei tatu za dola: ya kununua, ya kuuza na ya katikati. Benki ya mwajiri ina bei yake. Kampuni ya kutuma fedha mtandaoni ina yake. Na siku inaweza kuwa ya kusaini mkataba, ya kuandaa orodha ya mishahara au ya fedha kutoka. Wakala akikuachia maneno hayo wazi, atakayechagua ni mtu wa mishahara kule, na atachagua kinachomrahisishia kazi. Omba iandikwe hivi: bei ya katikati ya Benki Kuu ya Tanzania ya siku malipo yanapotumwa. Mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye tovuti ya Benki Kuu akahakiki, na ubishi unaishia hapo.

Kama mshahara umetajwa kwa euro au pauni, uliza pia kama utageuzwa mara moja au mara mbili. Euro ikibadilishwa kuwa dola kule Ulaya halafu dola ikawa shilingi huku, umelipa tofauti ya bei mara mbili. Ukiwa na akaunti ya euro hapa, omba itumwe euro kama ilivyo.

Upande wako pia una kazi. Fungua akaunti ya dola kabla ya kumpa wakala namba. Mkazi wa Tanzania anaruhusiwa kuwa nayo, na dola zikiingia humo hazigeuzwi mpaka uamue. Hapo unaweza kulinganisha bei ya tawi lako na ya benki ya jirani, au ya duka la kubadilisha fedha Arusha mjini. Katika mfano wetu, ukipata mnunuzi wa 2,580 badala ya 2,540, kwa dola 970 umeokoa 38,800. Uliza tu benki yako ada ya mwezi ya akaunti hiyo na ada ya kutoa dola taslimu, maana zikiwa kubwa zinaweza kuimeza faida hiyo.

Kuna jambo la fomu ambalo huwakwamisha watu wengi. Fomu za Ulaya zina nafasi inayodai IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa. Tanzania haitumii IBAN. Benki yako haitakupa, na ukibuni tarakimu za kujaza nafasi hiyo malipo yatarudishwa, na yakirudi huwa yamekatwa ada njiani. Kinachohitajika ni jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki, wa herufi 8 au 11. Herufi ya tano na ya sita za benki za hapa ni TZ, kama kwenye CORUTZTZ wa CRDB au NMIBTZTZ wa NMB. Muulize wakala mapema kama mfumo wao wa mishahara unaweza kulipa nchi isiyo na IBAN. Wengine hugundua hauwezi siku ya mshahara wa kwanza. Na wakala hahitaji namba ya siri ya kadi yako wala ujumbe wa uthibitisho unaoingia kwenye simu. Akidai ulipe kwanza ada ya "kufungulia malipo", huyo hana kazi ya kukupa.

Uliza vilevile nani hasa anatuma fedha. Wakati mwingine mwajiri anamlipa wakala, na wakala ndiye anakulipa wewe. Hapo panaongezeka mkono mmoja unaoweza kugeuza fedha kwa bei yake. Taka mkataba utaje kiasi anachotoa mwajiri kwa ajili yako na kile wakala anachobaki nacho.

Mshahara wa kwanza ukiingia pungufu, usianze na malalamiko. Omba nakala ya ujumbe wa malipo, unaoitwa pacs.008 katika mfumo mpya na MT103 katika ule wa zamani. Kwenye MT103 angalia sehemu tatu: 33B inaonyesha kiasi alichoagiza mwajiri, 71A inaonyesha kama ni OUR, SHA au BEN, na 71F inaonyesha ada zilizokatwa njiani. Ukipewa pacs.008, omba benki ikuonyeshe mambo hayohayo matatu. Ukikuta 33B inasema dola 950, tatizo liko kwa mwajiri au wakala, na benki haihusiki. Ukikuta 1,000 na SHA wakati mkataba unasema OUR, mtu wa mishahara alichagua alama isiyo sahihi, na tofauti unadai kwa maandishi ukiambatisha ukurasa huo. Ukikuta kila kitu kiko sawa mpaka mlango wa benki yako, nenda tawini uombe wakuonyeshe ada ya kupokea na bei waliyonunulia dola siku ile.