Tangazo la sekunde 30 la mfuko wa mahindi: dhana potofu na ukweli

Kila mwaka mavuno yakikaribia, wenye maduka ya pembejeo Mbeya huanza kutafuta mtu wa kuwaandikia tangazo la mifuko ya kuhifadhia nafaka. Wanakuja na kipeperushi cha mtengenezaji, ukurasa mzima umejaa, na ombi moja: lisomwe redioni kwa sekunde 30, na kisiachwe kitu. Kipeperushi cha kawaida huanza hivi:

"Mfuko wetu wa kisasa wenye tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa na mmoja wa nje uliofumwa, wenye ujazo wa kilo 100, umetengenezwa kwa teknolojia ya hali ya juu, ni rafiki wa mazingira, unafaa kwa mahindi, maharage na nafaka nyinginezo, unaweza kutumika zaidi ya msimu mmoja…"

Na hayo ni mistari ya mwanzo tu. Kazi ya kulifikisha kwenye sekunde 30 huharibiwa na mambo machache ambayo watu huyaamini bila kuyapima.

Dhana: Kufupisha ni kupunguza maneno hadi yatoshe

Ukifuata njia hiyo utafuta "hali ya juu", utafuta "nyinginezo", utabana sentensi, na mwisho utabaki na orodha ileile iliyokondeshwa. Msomaji ataikimbiza, na msikilizaji aliye shambani Mbozi atasikia plastiki, kilo, mazingira na maharage, asijue ashike lipi.

Ukweli ni kwamba kipeperushi huwekwa pembeni kwanza. Unachotafuta ni faida moja, na mara nyingi haimo kwenye maandishi, kwa sababu mtengenezaji anaeleza mfuko wakati mkulima anawaza mahindi yake. Mimi huchukua kila sifa na kuiuliza "kwa hiyo?" mpaka nifike nyumbani kwa mnunuzi. Plastiki haipitishi hewa. Kwa hiyo? Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Kwa hiyo? Mahindi hayatobolewi wala hayatiwi dawa. Kwa hiyo? Hapa ndipo penye jambo.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Mahindi ya karibu kila mtu yanatoka shambani miezi ileile, kuanzia Juni hadi Agosti, na bei inashuka. Kuanzia Desemba hadi Machi mahindi yanaadimika na kwa kawaida bei inapanda. Mkulima analijua hilo kuliko mimi na wewe. Bado anauza Julai, na sababu mojawapo kubwa ni dumuzi: anaona ni afadhali bei ndogo leo kuliko gunia la vumbi Februari. Basi faida kuu ni hii: halazimiki tena kuuza kwa woga. Siku ya kuuza anaichagua yeye.

Angalia kwamba sikusema "utapata bei nzuri". Mfuko haupangi bei ya soko, na tangazo likiahidi hivyo litakuwa limesema uongo. Mfuko unampa muda, na muda ndio tunaoutangaza.

Dhana: Sekunde 30 ni maneno 75

Hesabu hii imetoka kwenye miongozo ya Kiingereza, ambako maneno mengi ni mafupi. "Unaichagua" ni neno moja lenye silabi sita. Kwa Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu, maneno 55 hadi 60 yanajaza sekunde 30, na pumzi ndogo inabaki kati ya sentensi. Ukifika 75, ama msomaji atakimbia ama fundi mitambo atakata mwisho, na mwisho ndipo palipotajwa duka.

Namba ya simu nayo inakula nafasi kubwa. Tarakimu kumi, ukizisoma kwa namna ya kueleweka, zinachukua kama sekunde tano, na mtu mwenye jembe mkononi hana kalamu. Kama tangazo ni la video, namba iandikwe kwenye kioo. Kama ni la redio, taja sokoni mahali anapopajua.

Dhana: Masharti ya matumizi ndiyo ya kukatwa kwanza

Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu hasara yake haimpati mwandishi. Watu wanadhani faida ni faida na masharti ni maandishi madogo. Kwa mfuko huu hayatengani. Mahindi yakiingia mabichi, mfuko uleule unaozuia hewa unazuia pia unyevu kutoka. Yatapata ukungu, yatanuka uvundo, na ukungu wa aina fulani huleta sumukuvu ambayo hata kupika hakuiondoi. Mkulima atafungua Februari akitarajia mahindi safi, akute tani yake haifai kuliwa. Na kwenye maeneo ya ukungu na baridi kama Tukuyu, kukauka huchukua muda mrefu kuliko bondeni Usangu, kwa hiyo hatari hiyo ni ya kweli kabisa.

Mambo mawili basi lazima yabaki hewani: mahindi yakaushwe kabisa, na kila tabaka lifungwe peke yake. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa ni karibu asilimia 13, lakini namba hiyo haimsaidii mtu asiye na kipima unyevu. Kinachomsaidia ni kipimo cha chumvi: tia mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Maelezo hayo hayaingii kwenye sekunde 30, na hayahitajiki humo. Yanamsubiri mteja dukani, mdomoni mwa muuzaji.

Baada ya hapo, andiko lenyewe:

"Usiuze mahindi Julai kwa kuogopa dumuzi. Yaanike mpaka yakauke kabisa, kisha yatie kwenye mfuko wa tabaka tatu. Funga kila tabaka peke yake, kwa nguvu. Hewa haiingii, na dumuzi aliyemo anakufa bila dawa. Mwezi wa pili gunia lako lipo kamili, na siku ya kuuza unaichagua wewe. Mifuko ipo dukani kwetu, Soko la Mwanjelwa. Uliza mfuko wa tabaka tatu."

Ni maneno 57. Woga wa msikilizaji umetangulia, sharti limekaa ndani ya maelekezo badala ya kuonekana kama onyo, na sababu ya mfuko kufanya kazi imepata sentensi moja tu, ya kutosha kumfanya aamini.

Mwenye duka mmoja aliposomewa andiko la namna hii aliuliza, "Kaka, mbona kilo 100 haimo? Na maharage?" Swali la haki. Kilo 100 ataziona akishika mfuko. Maharage yanastahili tangazo lake, kwa sababu mwenye maharage ana mdudu mwingine na woga mwingine. Ukiwachanganya, kila mmoja atadhani anaambiwa jirani yake.

Dhana: Ukilisoma mwenyewe likakuingia, limekamilika

Wewe umeshasoma kipeperushi, kwa hiyo kichwa chako kinajaza mapengo. Msomee mtu asiyekijua, mara moja, kwa sauti, saa ya simu ikihesabu. Kisha muulize mambo mawili: mfuko huu utamfanyia nini, na afanye nini kabla ya kutia mahindi. Akijibu "unaua wadudu", faida kuu imepotea, rudi kwenye sentensi ya kwanza na ya tano. Akisahau kuanika, usilipeleke studio.