Tarehe ya mwisho si kumbusho

Nafanya hesabu za kampuni hapa Mtwara, na kila ifikapo Aprili nasikia wenzangu wakisema, "Mteja nimempa tarehe ya mwisho." Ukiomba kuiona barua yenyewe, unakuta imeandikwa: "Tunaomba nyaraka zilizobaki haraka iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya katikati ya Mei." Hilo ni kumbusho. Tarehe ya mwisho ni siku na saa iliyotajwa, kwa nyaraka iliyotajwa, pamoja na jambo ambalo mwombaji mwenyewe atalifanya siku hiyo ikipita.

Kinachosahaulika ni hayo maneno "mwombaji mwenyewe". Kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba inatakiwa kupeleka ritani ya mwaka TRA ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Basi wengi huandika, "Leta nyaraka, la sivyo TRA watakupiga faini," wakadhani wameweka ukomo. Hapo wametaja ukomo wa sheria tu. Mteja anajua Juni ipo mbali, na anaona ana muda hadi siku ile ile. Tarehe yako ni nyingine, na huipata kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka 30 Juni: ondoa siku za mkaguzi kupitia na kuthibitisha hesabu, ondoa siku za mkurugenzi kusoma na kusaini, ondoa wiki zako za kulinganisha vitabu. Kwa kampuni ya wastani unaangukia katikati ya Mei, na hapo ndipo mlango wako unapofungwa.

Chukua kampuni inayonunua korosho minadani. Msimu huanza Oktoba, kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho wa mwaka ndiyo iliyobeba karibu biashara yote. Malipo ya mnada hupita benki, na mzigo huonekana kwenye hati za ghalani. Stetimenti ya benki ya miezi hiyo isipokuwepo, huwezi kujua ni malipo gani ni ya mzigo uliokwisha kusafirishwa na yapi ni ya korosho zilizokuwa bado ghalani 31 Desemba, na faida yote ya mwaka inategemea jibu hilo. Mshahara na pango unaweza kuendelea navyo; korosho huwezi. Barua iliyokaa sawa ingesema hivi:

"Ndugu Mkurugenzi, salaam. Tumepokea vitabu vya Januari hadi Septemba 2024, ahsante. Bado tunahitaji stetimenti ya akaunti ya biashara ya Oktoba, Novemba na Desemba 2024, kama ilivyotolewa na benki, si picha za simu. Tuipate kabla ya Alhamisi 15 Mei 2025, saa 10 jioni. Isipofika, tutasimamisha kazi hii Ijumaa asubuhi na kuanza ya mteja anayefuata. Tutairudia atakapomalizika, na hatutaweza kuahidi 30 Juni. Ukiona hutaiwahi, tuandikie kabla ya siku hiyo tupange tarehe nyingine."

Heshima ipo, na hakuna kitisho. Kusimamisha kazi kumo mikononi mwangu, faini haimo. Ila sharti hilo liwe limeandikwa tangu kwenye barua ya makubaliano ya kazi. Likitokea mara ya kwanza mwezi wa Mei, mteja ana haki ya kulalamika.

Mahali tarehe hizi zinapofia hasa ni kwenye nyaraka nusu. Tarehe 14 mteja analeta Oktoba na Desemba, mnashukuriana, jalada linawekwa mezani. Novemba, katikati ya minada, haipo. Baada ya wiki mbili unagundua, na yeye anasema kwa nia njema kabisa kwamba alileta kwa wakati. Dawa yake ni kufungua bahasha siku ile ile mbele yake: salio la mwisho wa Oktoba lazima liwe ndilo salio la mwanzo wa ukurasa unaofuata. Yasipolingana kuna mwezi umeruka, na umwandikie kabla hajalala kwamba Novemba inakosekana na 15 Mei haijabadilika.

Kuongeza muda kunaruhusiwa. Nyongeza iombwe kabla ya siku kufika, iandikwe, iwe na tarehe yake mpya na matokeo yale yale.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayeandika "mwisho ni 15 Mei, ila ukichelewa kidogo si neno" ameandika kumbusho, na kumbusho lina kazi yake. Litume mapema, hata mwezi wa tatu. Kama ulikusudia tarehe ya mwisho, futa maneno yanayofuata mkato, kisha uandike hapo utafanya nini tarehe 16.